Ziada ya Vidonge Mia na Sabini na Mbili

Mfamasia Haroub alikuwa amejitayarishia kila balaa isipokuwa moja. Ndani ya mtoto wa meza yake mlikuwa na barua tatu zilizokwisha kuandikwa na kupigwa muhuri, zikingoja tarehe tu. Ya kwanza ilieleza namna panya walivyoingia stoo wakala vidonge. Ya pili ilieleza namna mvua ya masika ilivyopenya darini. Ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote, ilisema vimevunjika. Siku dawa zitakapopungua, yeye kazi yake kuchagua mkosi unaofaa na kutia tarehe.

Lakini dawa hazikupungua. Kituo cha afya cha Kwa Bamkwe kimejibanza kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, nyuma ya Darajani, mahali ambapo Vespa mbili haziwezi kupishana mpaka mmoja ajitoe muhanga. Paa linavuja, kuta zinajipukuta chokaa, na panya wetu ni wakubwa kiasi cha kuamkiwa. Hata hivyo, kwa miaka mitatu kamili, kadi za stoo za Mfamasia Haroub zilikuwa sawa na rafu. Kadi ikisema mia nne, rafu inasema mia nne. Hesabu samaki sokoni mara mbili, utapata majibu mawili. Kwa Haroub, hapana. Wageni wa wilaya walikuja, wakazitazama kadi zile, wakanywa soda, wakaenda zao wakisema mashaallah.

Sisi wazee wa presha tulikuwa tunajivunia. Tuna benchi letu pale chini ya dirisha la dawa, na kila mwezi tunakuja kuchukua vidonge vyetu thelathini na kukaa mpaka adhuhuri, kwa sababu nyumbani hakuna anayetusikiliza. Kutoka benchi lile husikika kila linalosemwa ndani. Hiki nnachokieleza tulikisikia wenyewe. Ambacho hatukukisikia tulihadithiwa na Bi Mwanapili. Na ambacho hatukuhadithiwa tumekikisia kwa uadilifu mkubwa.

Thuwaiba alikuja wiki ya mwisho ya Mei. Ni mtoto wa mtaa wa Amani, amemaliza chuo cha ufamasia, na alikuja kuwa intani, yaani mtu aliyeshahitimu lakini bado haaminiwi na mtu. Alikuwa na kitabu cha mafunzo chenye jalada la buluu, na ndani yake kila kazi ina mstari wake: kukagua tarehe za mwisho, kujaza kadi za stoo, kutunza rejista ya utoaji dawa, kuhesabu bidhaa mwisho wa mwezi. Mbele ya kila mstari pana nafasi ya saini ya msimamizi. Bila saini ya Haroub katika mistari yote hapati leseni, na bila leseni yeye ni binti tu mwenye koti jeupe.

Siku ya kwanza Haroub alimpa darasa. Dawa inayokaribia kufa itoke mwanzo, ndiyo maana ya mpya husukumwa nyuma na ya zamani huwekwa mbele. Kila boksi likiingia, namba yake ya bechi, yaani ya toleo lake la kiwandani, na tarehe yake ya mwisho huandikwa kwenye kadi. Kila mgonjwa akipewa, huandikwa kwenye rejista jina lake, dawa yake na idadi yake. Jioni jumla ya rejista huteremshwa kwenye kadi na kutolewa katika baki. Mwisho wa mwezi mtu anahesabu kwa mkono, kidonge kwa kidonge, aone kama kadi inasema kweli. Alisema vizuri mpaka Mzee Kurwa, jirani yangu wa benchi, akasema mtu huyu angelikuwa khatibu.

Siku ya tatu ilikuwa mwisho wa mwezi. Haroub akakaa na kadi, Thuwaiba akakaa na fomu. Haroub akasoma: amlodipini, ile ya presha ya miligramu tano, elfu moja mia mbili na arubaini. Thuwaiba akaandika. Haroub akasoma inayofuata. Baada ya dawa kumi na mbili yule binti akauliza, kwa adabu, zimehesabiwa lini. Haroub akamwambia hesabu ya macho nayo ni hesabu, na macho yake yana uzoefu wa miaka kumi na nane. Akamsogezea fomu. Binti akatia saini.

Hilo ndilo kosa lake, na nalisema mapema ili mtu asije akamuonea huruma kupita kiasi.

Mwezi wa Juni ukapita salama. Tarehe tisa bohari ikaleta boksi kumi za amlodipini, vidonge mia kila moja. Thuwaiba alikaa dirishani pamoja na Bi Mwanapili, ambaye amekuwa mtoaji dawa pale tangu baadhi ya madaktari wetu wangali matumboni mwa mama zao. Bi Mwanapili anatoa dawa na nasaha kwa pamoja, na rejista alimuachia binti kwa sababu, alisema, macho yake yanaona watu vizuri kuliko mistari.

Ikaja Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Haroub alikuwa ameitwa mkutanoni, akaacha amri kwamba hesabu ifanywe kama kawaida. Thuwaiba, ambaye kawaida yenyewe alikuwa ameiona mara moja tu na ilimkaa kooni, akaamua kuhesabu kweli.

Akaanza na amlodipini. Kadi haikuwa na fumbo. Baki ya Mei, elfu moja mia mbili na arubaini. Ziliingia elfu moja. Rejista inaonesha wagonjwa arubaini na saba waliopewa thelathini thelathini, jumla elfu moja mia nne na kumi. Kwa hivyo rafuni ziwepo mia nane na thelathini. Akahesabu. Akahesabu tena. Mara ya tatu akamwita Bi Mwanapili ahesabu naye, na Bi Mwanapili akasema ana chungu jikoni, naye siku hiyo alikuwa kazini tangu asubuhi.

Zilikuwepo elfu moja na mbili. Ziada ya vidonge mia na sabini na mbili.

Haroub aliporudi alipokea habari ile kama mtu aliyeambiwa kaolewa. Akafungua mtoto wa meza, akazitazama barua zake tatu, akaufunga. Panya hawaleti vidonge. Mvua hainyeshi amlodipini. Akakaa chini akamueleza binti jambo ambalo, nakiri, hata sisi wa benchi hatukuwa tunalijua.

"Upungufu ni mkosi, dada Thuwaiba," akasema. "Ziada ni kesi."

Maana yake hii. Dawa ikizidi rafuni kuliko kadi, mkaguzi hasemi Mungu kabariki. Mkaguzi anasema rejista imeandika thelathini na mgonjwa kapewa ishirini na tano. Hizo tano zimebaki zinangoja mkoba wa mtu. Na rejista ya Juni nzima iliandikwa na nani? Akaigeuza ile rejista, mwandiko wa Thuwaiba ukamtazama Thuwaiba, mzuri, wa duara, kila ukurasa. Na hesabu ya Mei, iliyosema mambo yako sawa, ilitiwa saini na nani? Wageni wa wilaya watafika Alkhamisi.

Kisha, kwa sauti ya mtu anayempunguzia mwenzake mzigo, akampa suluhisho.

"Zitoe. Mia na sabini na mbili tu. Zitie mkobani, nenda nazo kwenu. Alkhamisi kadi na rafu zitakuwa sawa, Ijumaa natia saini kitabu chako chote."

"Niibe dawa, Mfamasia?"

"Nani kataja kuiba? Kwenye kadi hazimo. Kisichokuwepo hakiibiki."

Mimi nimeishi miaka mingi na nimesikia mengi, lakini sijawahi kusikia mtu akiombwa aibe ili aonekane si mwizi.

Thuwaiba alisema atalifikiri. Usiku ule, kwa ninavyojua vijana, alilala vizuri. Lakini Jumanne alikuja kabla ya mwadhini wa dhuha, kama angelikuwepo mwadhini wa dhuha, akafungua stoo, akaziteremsha amlodipini zote mezani. Hakuhesabu tena. Safari hii alizisoma.

Stripu ya vidonge, ile karatasi ya bati yenye vitundu kumi, imegongwa namba ya bechi na tarehe ya mwisho kwenye ncha moja. Ndiyo maana mtoaji dawa mwenye akili, akikata stripu kumpa mtu vidonge vichache, hubakisha ncha hiyo mpaka mwisho. Thuwaiba akachukua stripu moja moja akailinganisha na boksi ilimokuwa, kisha boksi akalilinganisha na kadi. Nyingi zilikuwa za bechi mbili ambazo kadi inazijua: ya Aprili na ya tarehe tisa Juni. Halafu zikaanza kutoka nyengine, zimesokomezwa nyuma ya boksi lililofunguliwa, zimelala kimya kama wageni wasioalikwa harusini.

Sitini na tatu zilikuwa za bechi iliyokwisha tangu Novemba mwaka jana. Kadi yasema hivyo waziwazi: imetoka, imekwisha, sifuri. Zilitoka dirishani zikaenda kwa watu, na sasa zimerudi, na muda wake ulikwisha mwisho wa Aprili. Thelathini na mbili zilikatwa vipande viwili viwili na vitatu vitatu, bila ncha, bila tarehe, hazina kwao. Nane zilikuwa za kampuni ambayo kituo hakijawahi kuipokea, na Thuwaiba alipozigeuza akakuta hazikuandikwa miligramu tano. Ziliandikwa kumi.

Na ishirini na nane zilikuwa za bechi halali kabisa, ila juu ya kila kitundu mtu ameandika namba kwa wino mwekundu, kuanzia tatu mpaka thelathini.

Akatoka nje na stripu zile mkononi, akatusalimia shikamooni, tukaitikia marahaba, akauliza kama kuna mtu anaujua mwandiko huu. Hakuwa na haja ya kumaliza. Maalim Haitham alitusomesha nusu ya mji huu, na kalamu nyekundu hakuwahi kuiweka chini. Alizikosoa hata risiti za maji. Mzee Kurwa akamwambia binti kwamba Maalim ameshafariki, arubaini yake imepita juzi Jumamosi.

Thuwaiba akarudi kwenye rejista. Mei, tarehe kumi na mbili, kabla hajafika yeye: Haitham, miaka sabini na tisa, amlodipini, thelathini. Mei, tarehe kumi na nne, alizikwa. Namba moja na namba mbili alimeza, namba tatu haikuwahi. Mtu makini yule, alikuwa na mpango mpaka thelathini.

Basi akamfuata Bi Mwanapili, ambaye wakati huo alikuwa amepata ghafla hamu ya kupangusa meza.

Bi Mwanapili hakukana. Alishangaa kwa nini binti anauliza jambo ambalo mji mzima unalijua. Mtu akifa, nguo zake zinagaiwa, msahafu wake unapelekwa msikitini, na dawa zake watoto wanazileta kituoni, iwe sadaka ya marehemu. Huleta baada ya hitma, wengine baada ya arubaini, kwenye mfuko wa plastiki, na machozi. Yeye huzipokea, huomba dua, huzitia mahala pake: ya presha kwa presha, ya sukari kwa sukari. Maiti wanapata thawabu, walio hai wanapata dawa. Miaka ishirini na sita hajatoza mtu senti.

"Na tarehe, Bi Mwanapili? Zile zilizokatwa unajuaje kama hazijaekspaya?"

"Nazinusa."

"Zinanukia nini?"

"Ikiwa mbovu utaijua, mwanangu. Nyinyi chuoni hamfundishwi kunusa."

Thuwaiba akamuwekea mezani zile nane. Akamuonesha namba kumi. Bi Mwanapili akavaa miwani, kisha akaivua, kisha akaivaa tena. Akasema kidogo kidogo kwamba ziliandikwa jina lile lile. Akasema waliozileta ni watu wa Nungwi, mzee wao alikuwa akizinunua mwenyewe, na zilikuwa stripu mbili.

Stripu mbili. Mezani palikuwa na moja, nayo ina nane.

Hapo ndipo binti alipofanya hesabu ambayo Haroub hakuiona na macho yake ya miaka kumi na nane. Ziada ni mia na sabini na mbili. Za marehemu zilizopo rafuni, ukizijumlisha zote, ni mia na thelathini na moja. Tofauti ni arubaini na moja. Kama vidonge arubaini na moja vya watu waliokufa havimo rafuni, basi vimeshatoka dirishani, vimeandikwa kwa mwandiko wake mzuri wa duara, vimo majumbani mwa watu.

Tangu hapo sikumsikia tena akitaja kitabu cha buluu. Alichukua rejista na daftari la kliniki ya presha lenye namba za simu, akaanza kupiga, mtu wa kwanza mpaka wa arubaini na saba, kwa simu yake na salio lake. Kila mmoja akamwambia: njoo na vidonge ulivyopewa, kama vilivyo, usitupe karatasi.

Jumatano kichochoro kilijaa kama siku ya kupiga kura. Watu walikuja na vidonge kwenye vikopo vya hiliki, kwenye mikoba ya ndani ya mikoba, bibi mmoja alivifunga kwenye pindo la kanga kwa fundo ambalo ilibidi lifunguliwe na wanawake watatu. Thuwaiba alisoma kila stripu. Ikiwa ya marehemu, aliichukua, akampa mtu vidonge vingine idadi ile ile kutoka bechi halali, akaandika mabadilishano yote kwenye rejista na kumtilisha mtu saini. Alipata kumi na tisa. Ishirini na mbili zilikuwa zimeshamezwa, na wenyewe walikuwepo, wazima, wakinung'unikia foleni.

Isipokuwa Mzee Kurwa. Yeye wiki nzima alikuwa anatuhadithia kwamba akiinuka anaona nyota, magoti yanalegea, miguu imevimba, na sababu, wallahi, ni yule mjane aliyehamia mkabala na nyumba yake pale Kikwajuni. Alikuwa ameshaanza kutafuta mshenga. Thuwaiba akaitazama stripu yake: miligramu kumi, sita zimemezwa, nne zimebaki. Akampima presha, akampeleka kwa daktari mkono kwa mkono, na daktari akamwambia apumzike, asimeze kitu mpaka kesho kutwa, na aje apimwe kila siku. Mzee Kurwa alitoka amekasirika. Hakukasirika kwa dawa. Alikasirika kwamba mapenzi yake yalikuwa madhara ya kidonge.

Bi Mwanapili aliyaona yale kutoka dirishani. Alitoka, akaja kukaa kwenye benchi letu, mahali ambapo hajawahi kukaa, akamuomba radhi Mzee Kurwa. Mzee Kurwa akasema kasamehe, ila amtafutie mshenga.

Alkhamisi asubuhi Haroub alikuta boksi limefungwa kwa utepe kila upande, juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: ZIMETENGWA, ZISITOLEWE. Ndani vidonge mia na hamsini, na orodha yake: bechi, tarehe ya mwisho, idadi, na palipokosa tarehe pameandikwa haijulikani. Kisha akaitazama kadi.

Chini ya baki ya mia nane na thelathini palikuwa na mstari mpya. Hesabu ya mkono: elfu moja na mbili. Ziada: mia na sabini na mbili, dawa zilizorudishwa na wafiwa na kuchanganywa rafuni. Zilizotengwa: mia na hamsini. Zilizomezwa na wagonjwa badala ya za kituo: ishirini na mbili. Marekebisho: kuongeza ishirini na mbili. Baki sahihi: mia nane na hamsini na mbili. Na pembeni ya mstari wa Mei, kwa mwandiko wa duara: Haikuhesabiwa. Nilitia saini bila kuhesabu. Thuwaiba.

Haroub akamuuliza jambo moja tu, kama ameandika kwa kalamu ya risasi au kwa wino. Akajibiwa kwa wino. Akamwambia, pole pole, kwamba kitabu chake cha buluu akiweke vizuri, kiwe kumbukumbu, kwa sababu saini yake hataiona humo. Alimaanisha, na binti alijua anamaanisha. Tulimuona ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

Wageni wakafika saa nne. Mkuu wao alikuwa Bi Tahiya, mwanamke mfupi mwenye faili la plastiki na sura ya mtu asiyekunywa soda. Haroub akawahi kuzungumza. Akaeleza kwamba kuna intani mchanga kavuruga kadi, tena kakiri mwenyewe, na yeye kama msimamizi amesikitika. Bi Tahiya akasoma kadi mbele na nyuma. Akalifungua boksi lililotengwa, akahesabu, akazitazama namba nyekundu za Maalim kwa muda mrefu. Huenda naye alisomeshwa.

"Hii ya Mei, nani kakulazimisha kuiandika?" akamuuliza Thuwaiba.

"Hakuna, Bi Tahiya."

"Na saini yenyewe ya Mei, nani kakulazimisha kuitia?"

Binti akamtazama Haroub. Angeliweza. Sisi wote benchini tulikuwa mashahidi, na Mzee Kurwa alikuwa ameshainuka nusu.

"Hakuna," akasema. "Mkono ulikuwa wangu."

Bi Tahiya akaandika. Halafu akaomba kadi nyengine, zote, za miaka mitatu. Haroub akazileta kwa fahari, kwa sababu mtu aliyezoea kusifiwa hajui kusikia kimya. Bi Tahiya akazigeuza moja moja: tofauti sifuri, tofauti sifuri, tofauti sifuri, dawa arubaini, miezi thelathini na sita.

"Mfamasia," akasema, "miaka mitatu hakijadondoka hata kidonge kimoja chini ya meza?"

Haroub akasema wao ni waangalifu. Bi Tahiya akasema alhamdulillahi, basi achague dawa yoyote aipendayo, waihesabu pamoja sasa hivi. Haroub akachagua parasetamoli, kwa kuwa ni ya kawaida na haina maneno. Kadi ilisema elfu kumi na moja mia nne. Walihesabu mpaka adhuhuri, kwa trei na kijiti, vitano vitano. Sitaitaja idadi iliyopatikana, kwa sababu Haroub ni jirani yangu na ana watoto. Nitasema tu kwamba Bi Tahiya aliomba ya pili, ya pili ikaomba ya tatu, na wageni ambao kawaida yao ni saa moja na soda walikaa siku tatu na wakajiletea chai wenyewe.

Mwisho wake haukuwa kama mlivyotarajia, maana wilaya haitoi hukumu kama kwenye hadithi. Haroub aliandikiwa barua, ya kweli, yenye tarehe. Hakufukuzwa, aliamriwa ahesabu stoo nzima upya na kila mwezi ahesabu mbele ya shahidi. Kusaini vitabu vya intani alizuiwa mpaka hesabu hizo zikubaliwe. Ikabakia kesi ya kitabu cha buluu. Bi Tahiya akakichukua, akatia saini yake katika mstari wa kukagua tarehe za mwisho, na wa kadi za stoo, na wa rejista ya utoaji. Alipofika mstari wa hesabu ya mwisho wa mwezi akaiweka kalamu chini. Akasema mtu aliyesaini bila kuhesabu hawezi kupita mstari huo kwa kukiri tu. Atakaa mwezi mmoja zaidi, ahesabu Julai yote, ndipo waonane. Mwezi mzima bila leseni, na wenzake wa chuo wameshavaa vitambulisho. Binti akasema sawa. Alilia baadaye, chooni, na akatoka amenawa uso.

Bi Mwanapili hakuchukuliwa dirisha lake. Alipewa boksi lenye kufuli, liwekwe pembeni, na kazi ya kupokea dawa za marehemu zisiguse rafu tena, ziorodheshwe na kuteketezwa kwa utaratibu. Wiki ya kwanza akaja Mwanaasha, mkwe wa marehemu mmoja wa Malindi, na mfuko wake wa plastiki. Akaambiwa zinakwenda kuchomwa. Mwanaasha akauliza kwa wasiwasi kama marehemu bado atapata thawabu.

"Thawabu ni ya kuleta, mwanangu," akamjibu Bi Mwanapili. "Haikuwa ya kumeza."

Na mwisho wa Julai ukaja. Thuwaiba alihesabu siku mbili, Haroub akiwa shahidi, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyekosa. Dawa moja baada ya moja. Walipofika amlodipini, kadi ilisema mia saba na thelathini na mbili. Rafuni zilikuwa mia saba na thelathini.

Zimepungua mbili.

Wakatazama chini ya meza. Wakatikisa maboksi. Wakapitia rejista mstari kwa mstari. Hakuna. Haroub akamsogelea Thuwaiba. Alimnong'oneza binti kwamba na yeye ni mgonjwa wa presha, ana vidonge vyake mwenyewe mfukoni, bechi hii hii, tarehe hii hii, avitie viwili mambo yawe sawa, nani atajua. Tayari alikuwa ameshavitoa, vimo kiganjani.

Thuwaiba akavitazama, kisha akachukua kalamu ya wino. Upungufu: mbili. Sababu: haijulikani. Akatia saini yake, akamsogezea Haroub kadi atie yake.